Tarehe 12 Ilivyonitesa

Mshahara wangu huingia tarehe 25. Kodi ya nyumba ilikuwa tarehe 12. Sikuchagua mimi: miaka sita iliyopita nilihamia hapa Tabata tarehe 12, mvua ikinyesha juu ya godoro, na mwenye nyumba akaiandika kwenye daftari lake kana kwamba ni siku ya Uhuru.

Hesabu tarehe hizo uone unyama wake. Kuanzia 25 hadi mwisho wa mwezi mimi ni bosi. Naagiza chipsi mayai bila kuuliza bei. Tarehe 5 naanza kupanda daladala nikiwa na chenji kamili. Tarehe 12 mzee mwenye nyumba anapiga simu: "Mwanangu, hujambo?" Naitika shikamoo na moja kwa moja nakwenda kwa jirani anayekopesha kwa riba ya asilimia 20. Nachukua 150,000, tarehe 25 namrudishia 180,000. Elfu thelathini kila mwezi! Mke wangu alipiga hesabu ya mwaka akapata 360,000.

"Baba Neema," akasema, "wewe unalipa kodi ya miezi 14 na unakaa miezi 12. Hiyo miwili anaishi nani?"

Nilikosa la kujibu. Tatizo halikuwa mshahara mdogo peke yake. Pesa na deni vilikuwa havikutani njiani.

Nikamwendea mzee na kumwomba tuhamishe siku iwe tarehe 28. Si 25, maana mshahara wenyewe una tabia ya kuchelewa siku mbili tatu. Mzee akanitazama kama niliyeomba kuhamisha ukuta. "Na hizo siku za katikati utakaa bure?" Hapo ndipo wengi hukwama, wakidhani watalipa mara mbili. Hapana. Kodi ya 150,000 kwa siku 30 ni 5,000 kwa siku. Kutoka 12 hadi 28 ni siku 16, yaani 80,000. Nikamlipa hizo, akaandika tarehe mpya kwa kalamu nyekundu.

Usidhani ilikuwa raha. Hiyo 80,000 nayo niliikopa kwa jirani, mara ya mwisho. Tarehe 25 nikamrudishia 96,000, na tarehe 28 mzee akataka 150,000 yake kamili. Jumla 246,000 kwa mshahara mmoja, wakati nilizoea kukatwa 180,000. Pengo la 66,000 lilizibwa na dagaa. Tulikula dagaa wa kukaanga, dagaa wa nazi, dagaa wa kutazamana. Lakini tarehe 12 iliyofuata simu haikulia. Nikaishika mkononi nikidhani imeharibika.

Kwa kujiamini nikageukia king'amuzi. Nikakiacha kizime hadi Januari 28, nikalipia kifurushi cha mwezi. Nikajua nimemaliza. Kumbe mwezi wa king'amuzi ni siku 30, na kalenda ina miezi saba yenye siku 31. Kila ukilipa, tarehe inakutoroka polepole. Agosti kikaisha tarehe 26, Septemba 25, na Novemba 24, dakika ya 70 ya mpira, mfukoni nina mia tano. Dawa yake ni mara moja kwa mwaka kukiacha kilale siku chache mpaka mshahara uingie, ndipo ulipie. Watoto wataomboleza, watazoea.

Bili ya maji ndiyo iliyonishinda. Msoma mita huja anapojisikia, na ujumbe wa deni hufuata nyuma yake. Siku hiyo huwezi kuihamisha, kwa hiyo kila tarehe 25 nafungia 20,000 kwenye kibubu cha simu. Bili ije 10, ije 19, inaikuta pesa yake imekaa inaisubiri.

Sasa kuna onyo. Ukishalipa kila kitu wiki ya mshahara, kinachobaki ni kidogo na kinatisha, lakini ni cha kwako chote. Mke wangu hukigawa kwa Jumamosi, si kwa mwezi, na ananipa changu kama mtoto wa shule.

Basi nikajisifu: tarehe zote nimezipanga zikapangika. Desemba ikafika, mwajiri kwa huruma ya Krismasi akatulipa tarehe 20. Tukashangilia. Mshahara uliofuata ulikuja Januari 25, siku 36 baadaye.

Kodi ilikuwa imelipwa, king'amuzi kinawaka, maji yanatoka. Tukakaa sebuleni, tumeoga, tunatazama kipindi cha mapishi, tunakula dagaa.