Kiitaliano cha Ufukweni

Mwana wa kaka yangu amezaliwa Malindi, na mtoto wa Malindi huhesabu Kiitaliano kuwa sehemu ya urithi wake, pamoja na minazi ya babu na madeni ya baba. Kwa hiyo aliponiletea hapa Lyon barua yake ya Kifaransa ya kuomba kazi ya mapokezi hotelini, sikushtuka kusoma kwamba anazungumza lugha saba, zote kwa ufasaha. Kiswahili, Kigiriama, Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano, Kijerumani na Kiarabu. Nikamuuliza Kiarabu alikisomea wapi.

"Madrasa, shangazi."

Nikamwambia mgeni kutoka Riyadh atakayeshuka saa sita za usiku kuuliza kwa nini maji ya moto hayatoki, hawezi kujibiwa kwa Juzuu Amma.

Mimi nimesimama nyuma ya kaunta za hoteli za mji huu kiasi cha kutosha kujua barua hizi zinasomwa vipi. Anayezisoma ni mkuu wa mapokezi, tena husoma kwa wizi, simu inalia mkono wa kushoto na mgeni anadai risiti mkono wa kulia. Ndiyo maana Wafaransa wanataka ukurasa mmoja tu. Jina na anwani yako juu kushoto, za hoteli kulia chini kidogo, mji na tarehe, mstari wa kutaja kazi unayoomba, kisha «Madame, Monsieur,» basi. Hakuna mpendwa wala mheshimiwa. Barua ya kijana wetu ilikuwa kurasa tatu, na ule wa kwanza wote ulikuwa wa kumjulia hali meneja na kumwombea afya yeye na aila yake. Adabu nzuri kabisa, ila meneja alikuwa bado hajajua anaombwa nini.

La kunisikitisha ni kwamba alikuwa ameshaipeleka mahali pamoja kabla ya kunionyesha. Hoteli ya nyota tatu, si mbali na stesheni ya reli. Na wakampigia! Alikuwa kwangu jikoni, akaweka simu kwenye spika ili nishuhudie ushindi wake. Sauti ya mama mmoja ikamsalimu kwa Kifaransa, ikamuuliza habari za kibali cha kazi, akajibu vizuri. Halafu, bila hodi, yule mama akahamia Kiitaliano. Akajifanya mgeni: atafika usiku na mtoto mchanga, je, kitanda cha mtoto kipo chumbani, na gari ataliweka wapi? Mwana wetu akavuta pumzi. "Chao, bela!" akasema. "Preso buono! Preso buono sana!"

Yule mama akashukuru kwa Kifaransa, akakata simu.

Mtihani huu wa simu ni wa kawaida. Anayeajiri hana haja ya cheti cha lugha ilhali simu anayo mkononi, na lugha uliyoitaja kwenye barua ni lugha uliyokubali kuulizwa. Ulaya kuna ngazi za kupimia lugha, kutoka A1 ya mwanafunzi mchanga mpaka C2 ya aliyebobea, lakini ngazi tupu haimwambii mkuu wa mapokezi utafanya nini pale kaunta. Anachotaka kujua ni hiki: je, unaweza kupokea malalamiko kwa lugha hiyo, au unaweza kusema karibu tu? Kuuza vinyago ufukweni ni kazi yenye lugha yake, na bei ndiyo nusu ya msamiati wake.

Tukakaa tukaivunja barua. Kifaransa akaandika B2, kwa kuwa cheti cha DELF anacho. Kiingereza akaandika C1, na mbele yake maelezo ya kweli: misimu miwili ya kupokea wageni kwa Kiingereza katika hoteli ya Watamu, ana kwa ana na kwa simu, pamoja na kujibu barua pepe za wanaotaka kubadili tarehe. Kiswahili na Kigiriama vikahamia kwenye wasifu, kwa kuwa havimsaidii meneja wa Lyon usiku wa Jumanne. Kijerumani kikafa. Kiarabu kikarudi madrasa. Kiitaliano alikipigania kama mtu anayepigania shamba, tukaafikiana kibaki kwenye wasifu kwa ngazi ya A2, na kwenye barua kisitajwe.

Tukaja kwenye kuhudumia wateja. Alikuwa ameandika kwamba anapenda watu na ana tabasamu la kudumu. Nikamwambia tabasamu la kudumu ni dalili ya kwenda kwa daktari. Nieleze siku moja tu mambo yalipoharibika, ukayatengeneza. Akafikiri, akanipa hadithi ambayo ilipaswa kuwa ndiyo barua yenyewe. Watamu, saa nne na nusu usiku, mume na mke wanatua na mizigo, karatasi ya kuweka chumba wanayo, na vyumba vimejaa kwa sababu viliuzwa kuliko idadi yake. Hakuwaacha wasimame. Aliwaambia ukweli kabla hawajauliza, akawakalisha, akawapa madafu, akapiga simu hoteli jirani mpaka akapata chumba cha hadhi ileile, teksi na tofauti ya bei vikawa juu ya hoteli yake. Kesho yake mchana akawarudisha. Hayo yote yakaingia kwenye mistari minne ya Kifaransa. Tulichoacha ni jina la aliyeuza vyumba mara mbili, ingawa alilitaka sana liingie. Barua ya kazi haimsemi vibaya bosi wa zamani, kwani bosi mpya hujiona mwenyewe ndani yake.

Aya ya mwanzo tukaipa hoteli: tangazo lilitaja zamu na wikendi, basi tukasema mapema kwamba zamu zote anaziweza, za usiku zikiwemo. Hilo wengi hulificha mwisho, na ndilo msomaji analolitafuta kwanza.

Ikabaki kufunga, na hapa Wafaransa ni kama wazee wanaosoma barua ya posa: neno moja likipotoka, wanatazamana. Uliyemwamkia juu ndiye unayemuaga chini, kwa maneno yaleyale. Mwanamume kumwandikia mwanamke asiyemjua kwamba anamtumia hisia zake ni ukosefu wa adabu tangu zamani, mtumie salamu. Na ukianza kwa kusema unasubiri jibu, lazima mtendaji wa sentensi awe wewe unayesubiri, siyo yule unayemwomba akupokelee salamu. Mtego huu hunasa hata Wafaransa wenyewe. Kwenye kompyuta tukaandika:

«Dans l'attente de votre réponse, je vous prie d'agréer, Madame, Monsieur, mes salutations distinguées.»

"Shangazi, kwani naoa?" akauliza.

Nikamwambia asaini.

Alipotaka kuipeleka hoteli nyingine, ng'ambo ya mto, nilimkagulia jambo moja la mwisho: jina la ile hoteli ya kwanza lilikuwa bado limekaa kwenye aya ya pili. Barua zenye kosa hilo nimeziona zikitupwa bila kufika aya ya tatu, hata ziwe nzuri vipi. Tulilifuta, tukasoma tena kwa sauti, ikaenda.

Amepewa zamu ya usiku, saa tano mpaka saa moja asubuhi. Kwenye usaili walimuuliza kisa cha Watamu kwa Kiingereza, kisha wakamuuliza afanyeje mgeni wa kigeni akikataa kujaza fomu ya polisi. Kiitaliano hawakukigusa, na mpaka leo ananilaumu mimi kwa hilo.