Ihoji Pikipiki Kabla Hujailipia

Hatua ya kwanza: mnyang'anye kalamu kijana wa dukani. Mwenye duka la vyakula mmoja mjini Morogoro aliambiwa na kijana wake, "Mama, hii pikipiki ya kuwapelekea wateja mizigo inajilipa yenyewe. Kwa mwezi italeta milioni 4!" Milioni 4 ni mauzo. Dukani kwake faida ni kama asilimia 10, kwa hiyo kinachobaki ni 400,000. Tena hiyo ni ya wateja wapya tu. Jirani anayekuja kwa miguu kila siku asihesabiwe eti kwa sababu sasa ataletewa unga mlangoni.

Hatua ya pili: ilishe pikipiki. Mafuta 120,000, posho ya dereva 150,000, oili na matairi 30,000. Zinabaki 100,000 kwa mwezi, yaani 1,200,000 kwa mwaka. Chombo chenyewe, pamoja na bima, ni 3,000,000, na baada ya miaka mitatu kitauzwa 900,000. Kijana akajumlisha: zinaingia 4,500,000, faida milioni moja na nusu. Akaanza kuchagua rangi.

Hatua ya tatu: iulize kila shilingi itafika lini. Pesa ya mama huyu ikikaa kwenye mzigo wa dukani humzalia asilimia 20 kwa mwaka. Milioni 1 ya leo mwakani ni 1,200,000. Basi 1,200,000 ya mwakani kwake ni milioni 1 ya leo. Ya mwaka wa pili igawe kwa 1.2 mara mbili, upate 833,000. Ya mwaka wa tatu igawe mara tatu: 694,000. Na ile 900,000 ya kuuzia, nayo ya mwaka wa tatu, inashuka hadi 521,000. Jumla ni 3,048,000. Toa bei ya kununulia: milioni moja na nusu ya kijana imebaki 48,000.

Hatua ya nne: itikise hesabu. Pato likipungua kwa 2,000 tu kila mwezi, hiyo 48,000 inakwisha na hasara inaanza. Pancha moja kwa mwezi yatosha. Na dereva akiugua wiki nzima?

Hesabu haijasema pikipiki ni mbaya. Imesema kwamba uamuzi wote umeegemea ile 400,000, ambayo mpaka sasa ni makisio. Kwa hiyo mama akampa kijana kazi: kwa miezi miwili mizigo ipelekwe kwa bodaboda ya kukodi, na kila oda ya mteja mpya iandikwe daftarini pamoja na faida yake. Ikifika 450,000 kwa mwezi, pikipiki itabaki na zaidi ya milioni 1 kwa thamani ya leo, nayo inunuliwe. Ikiishia 350,000, pesa irudi kwenye sukari na mchele.