Ombi la Kumthibitisha Kazini Ndugu Jalada la Muda

Mstaafu wa Masijala,
Mikumi, Wilaya ya Kilosa,
MOROGORO.

Mkurugenzi,
Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Kumb. Na.: Imo ndani ya jalada linalotafutwa

YAH: KUMPATIA JALADA LA MUDA AJIRA YA MASHARTI YA KUDUMU NA PENSHENI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Ndugu Mkurugenzi, namwombea mtumishi ambaye ofisi nyingi za umma zimemtumia miaka nenda miaka rudi bila kumthibitisha. Jina lake ni Jalada la Muda. Huajiriwa siku ile jalada halisi linapotafutwa na lisionekane, ili kazi isilale. Kwa mujibu wa taratibu ambazo Idara yako inazifahamu, jalada halisi likipatikana, yaliyomo katika la muda huhamishiwa humo na mkataba wake ukaisha. Mimi sijahudhuria sherehe nyingi za kumuaga.

3. Ili uone sifa zake, nakuletea mfano nilioutunga mwenyewe. Hakuna ofisi ninayoishitaki. Tuchukue kiwanja hapa Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Zamani kilikuwa pori la kufugia mbuzi, leo kila mwenye ndoto ya kulaza watalii wa hifadhi anakiulizia. Mmiliki ni mama mjane. Jalada la kiwanja lina karatasi 23, kila moja ina namba yake ya folio kwa wino mwekundu. Folio 1 ni maombi ya marehemu mumewe, folio 4 ni barua ya toleo, folio 11 ni barua inayomtambua mama huyo kuwa msimamizi wa mirathi.

4. Jumatano moja jalada linatoka masijala. Katika rejista ya mwenendo wa majalada, kwenye safu ya aliyelichukua, imeandikwa "Mkubwa". Saini hakuna. Wakubwa katika jengo lile ni sita, na dereva wa mmoja wao naye huitwa hivyohivyo. Mwezi unapita. Anatokea bwana mmoja mwenye haraka, anaomba huduma, anaambiwa jalada halionekani. Hakasiriki. Ndugu Mkurugenzi, mwananchi akiambiwa jalada lake limepotea halafu akatabasamu, mwite mkaguzi.

5. Linafunguliwa Jalada la Muda. Linajazwa na nini? Na nakala za vivuli alizozileta bwana yule mwenyewe: mkataba wa mauziano, kiapo cha upotevu wa nyaraka, na barua ya toleo ambayo jina la marehemu limefifia mahali palepale lilipohitajika kusomeka. Hapa ndipo kipaji cha mtumishi wetu kinapong'aa. Jalada halisi lilikuwa shahidi wa pande zote, yeye ni shahidi aliyefundishwa maneno na upande mmoja. Afisa anayesaini uhamisho wa miliki huenda ni mwadilifu kabisa, kwa maana ameamua kwa kilichomo jaladani. Wizi ulikwisha kufanyika kule masijala, na hakuna kitasa kilichovunjwa.

6. Mwaka unaofuata jalada halisi "linaonekana", nyuma ya kabati. Folio 11 haimo, na namba zilizobaki zimeandikwa upya ili zifuatane. Lakini anayezifuta husahau karatasi ya dokezo, ile ya kushoto ambako maafisa huandikiana. Humo dokezo la zamani bado linasema: "Mkuu, tafadhali angalia folio 11, msimamizi wa mirathi." Ukiifungua folio 11 ya sasa unakuta stakabadhi ya kodi ya ardhi. Dokezo linaelekeza kwenye barua, folio inatoa stakabadhi. Ugomvi huo tu unatosha kumpeleka mtu mahakamani, endapo mama mjane atapata wa kumfungulia jalada alisome.

7. Utauliza jalada linafichikaje ndani ya chumba kimoja. Ndani ya chumba kilichopangwa, halifichiki. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, inataka kila aina ya kumbukumbu ijulikane itatunzwa kwa muda gani, kisha ama iteketezwe kwa idhini, ama ihamie kwenye nyaraka za taifa ifikapo miaka 30. Pale ambapo jedwali la muda wa utunzaji halifuatwi, maombi ya likizo ya watu waliokwisha kufa hulala rafu moja na barua za toleo. Rafu zikijaa, majalada hushuka sakafuni. Sakafu ikijaa, hupanda juu ya kabati. Katika rundo hilo jalada halihitaji kuibwa. Linahitaji kuwekwa mahali pasipo pake tu, na aliyeliweka ndiye pekee anayejua pa kulitafuta. Ndiyo maana baadhi ya majalada hupatikana upesi baada ya soda.

8. Wajerumani walipokimbizwa mwaka 1916, walizika majalada ya serikali yao ardhini kule Tabora, na Waingereza wakaja wakayapata. Leo mtafiti huyasoma Dar es Salaam. Tabora hiyohiyo ndiko Chuo cha Utumishi wa Umma kinakofundisha watunza kumbukumbu. Kwa hiyo nchi hii inao ujuzi wa kupata jalada lililozikwa na adui vitani. Linaloishinda ni lile lililoazimwa na "Mkubwa" wa chumba cha pili.

9. Kilosa haina sababu ya kulichekea jambo hili. Desemba 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38 pale Rudewa Mbuyuni. Yapo pia mashamba makubwa ya mkonge yaliyotelekezwa hadi hati zake zikafutwa. Ardhi ikigawiwa upya, kinachomtenganisha mwanakijiji na mjanja wa mjini ni karatasi yenye namba, ndani ya jalada linalopatikana.

10. Nasikia mfumo wa kidijitali utamaliza yote. Utamaliza kweli, iwapo kitakachoskaniwa ni jalada halisi. Akiskaniwa Ndugu Jalada la Muda, atakuwa amethibitishwa kazini bila barua yako, na kila atakayemfungua kwenye kompyuta atamkuta safi, hana vumbi.

11. Ikiwa ombi langu la ajira ya kudumu litakataliwa, naomba basi apewe masharti magumu. Asifunguliwe kabla mkuu wa ofisi hajasaini kuwa jalada halisi limetafutwa, na rejista imetaja jina na saini ya aliyelichukua mara ya mwisho. Asilishwe nakala za mwombaji: viwanja vilivyosajiliwa vina kumbukumbu nyingine kwa Msajili wa Hati na kwenye ramani za upimaji, na huko ndiko pa kuanzia kulijenga upya. Kwa kiwanja ambacho kina barua ya toleo tu na hakijafika kwa Msajili, naungama kinga hii ni nyembamba. Hapo aitwe kila mwenye jina kwenye rejista kabla ya kalamu kugusa karatasi. Na juu ya jalada lake uandikwe kwa herufi kubwa mwisho wa mkataba.

12. Naomba kuwasilisha.

Mstaafu wa Masijala

Nakala: Mkaguzi Mkuu wa Ndani – kwa taarifa.
Mkubwa – arudishe jalada.
Jaladani – likipatikana.