Tafadhali Rejea Barua Pepe Yangu Hapo Chini

Kuna sentensi ya Kiswahili cha ofisini ambayo kwa nje ina adabu zote na kwa ndani imeshika fimbo: "Tafadhali rejea barua pepe yangu hapo chini." Maana yake ni "Kwani hujui kusoma?" Jirani yake ni "Kama nilivyokwisha kueleza", na kifungio ni "Kazi njema", kinachoandikwa na mtu asiyemtakia mwenzake kazi wala wema. Wengi hudhani dalili ya kuacha kuandika na kushika simu ni wingi wa barua. Sivyo. Barua 20 za kutumiana ankara na namba za akaunti hazina ubaya, maana kila moja inajaza pengo. Lakini watu wawili wakishaanza kugombea maana ya neno moja, barua ya tatu tayari imechelewa.

Chukua bajeti ya semina ya watu 40 kwa siku 2. Mhasibu anaandika: "Chakula kimezidi, punguza." Mratibu, mtu mtiifu, anapunguza washiriki wawe 30. Mhasibu anajibu: "Sikusema watu, nimesema chakula." Mratibu anamwondoa kuku na kumweka maharage. Hapo inakuja "tafadhali rejea", na barua inayofuata ina nakala kwa mkurugenzi, ambaye sasa anasoma habari za kuku bila kujua kosa lake. Simu ya dakika 4 ingefichua kwamba mhasibu alikuwa na jambo dogo tu: siku ya pili semina inafungwa saa nane mchana, na bajeti imelipia chai ya saa kumi siku zote mbili. Chai hiyo ingenywewa na viti. Wakati wa kupiga ulikuwa pale pale penye "sikusema watu", kwa kuwa sentensi hiyo haikuleta habari mpya, ilisahihisha maana. Nakala kwa mkubwa ni dalili ya pili, na ikifika hiyo, kuku ameshakufa bure.

Si kwamba hawa wawili hawajui kuandika. Mwaka 2005, Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio ambamo wanafunzi waliwapelekea wenzao sentensi, nyingine za dhati, nyingine za kejeli. Waandishi walitarajia kueleweka mara 78 katika 100. Waliosikia sauti walipatia mara 73. Waliosoma barua pepe walipatia 56, yaani afadhali kidogo kuliko kurusha shilingi. Sababu ni kwamba mwandishi anaisikia sauti yake kichwani anapoandika, akasahau kwamba sauti hiyo haikuambatishwa.

Mwenye tahadhari atasema: mali bila daftari hupotea bila habari, na simu haina daftari. Ni kweli, na ndiyo maana simu isiyofuatwa na mistari mitatu ya maandishi ni nusu ya kazi. Kwa bei, mikataba na malalamiko rasmi, maandishi yabaki kuwa mwenye nyumba. Lakini barua 11 za mabishano nazo si daftari. Ni jalada la kesi. Mwingine atasema simu hukatiza kazi za watu na mikutano hula siku. Naye ana haki: watu 6 kwa saa 1 ni saa 6 za kazi. Basi wanaotofautiana wakiwa wawili, ipigwe simu ya wawili. Mkutano uitishwe tu pale uamuzi unapohitaji wengine waliomo kwenye barua, na waalikwe hao tu.

Kuomba simu kwa adabu kunahitaji lawama iwekwe pasipoumiza. "Naona hatuelewani" ni kumnyooshea mtu kidole. "Tuongee" tupu humfanya mtu ahesabu makosa yake tangu Januari. Mratibu angeandika hivi: "Ndugu yangu, nadhani neno 'chakula' nimelielewa tofauti na ulivyokusudia. Naomba dakika 10 za simu tupitie mistari hiyo ya bajeti. Leo saa tisa alasiri au kesho saa tatu asubuhi, ipi inakufaa? Tukimaliza nitaandika hapa hapa tulichokubaliana." Humo mna mada, muda, nafasi mbili za kuchagua na ahadi ya kumbukumbu. Kosa amejitwika mwombaji, na halina uzito wowote. Mhasibu akijibu kwamba hapendi simu, aulizwe swali moja lenye jibu moja: "Ni mstari upi wa bajeti tuufute?" Wakati mwingine hilo peke yake huokoa kuku.

Kwa hiyo, vidole vikianza kuandika "tafadhali rejea", visimamishe hapo hapo. Tafuta namba ya simu ya mwenzako; mara nyingi iko chini ya barua yake, kando tu ya "Kazi njema".