Namna ya Kuudodesha Mtaji Bila Kutoka Dukani

Wenye maduka wa Mbingu wana njia nyingi za kupoteza hela, lakini nyingi zinachosha. Kunywa pombe kunahitaji afya, na kukopesha ndugu kunahitaji moyo. Iliyo rahisi kuliko zote ni kununua mzigo usiotoka, ukaupanga vizuri kwenye rafu, kisha ukakaa kwenye stuli ukiutazama.

Anza kwa kwenda Ifakara kwa muuzaji wa jumla ukiwa na shilingi 800,000. Usinunue sukari. Sukari ina faida ya aibu: tuseme mfuko wa kilo 50 unaupata kwa 130,000, ukipima kilo kwa 2,800 unaambulia 140,000. Elfu kumi kwa mfuko mzima! Wewe ni mfanyabiashara wa maana, kwa hiyo nunua chupa za chai 40, zile zenye maua, kila moja 20,000. Utauza 30,000. Faida ni nusu ya bei uliyonunulia, na hesabu hiyo itakupa usingizi mnono hadi Krismasi.

Mwaka ukiisha, na Mungu akijalia zote 40 zikatoka, umepata faida ya 400,000. Mpuuzi wa duka la jirani alichukua mifuko sita ya sukari kwa 780,000. Kila baada ya wiki mbili ilikwisha, akaweka mfukoni 60,000 na kurudi Ifakara na mtaji uleule. Amezungusha mara 26, faida 1,560,000 kabla ya nauli. Usimwonee wivu. Yeye hana maua.

Kuna watu watakushauri upime mzunguko wa mzigo. Wakikung'ang'ania, wakubalie, ila pima kwa ustadi. Kanuni yao ni kuchukua gharama ya bidhaa zilizouzwa mwaka mzima na kuigawa kwa wastani wa thamani ya mzigo uliokuwepo dukani, vyote kwa bei ya kununulia. Duka lililouza mali iliyonunuliwa kwa milioni 24, huku wastani wa mzigo ukiwa milioni 6, limezungusha mara 4. Yaani shilingi inalala rafuni siku 91 hivi kabla ya kuamka. Hiyo inahuzunisha. Weka bei ya kuuzia juu, tuseme milioni 28.8, na chini acha bei ya kununulia: unapata mara 4.8 bila kuuza hata kiberiti cha ziada. Ukitaka uzuri zaidi, hesabu mzigo Agosti tu, baada ya watu kuuza mpunga na kukomba rafu.

Na usipime kila bidhaa peke yake hata siku moja. Sukari inayokimbia itazificha chupa zilizolala, na wastani utakuwa mzuri. Kwa sababu hiyohiyo usiandike tarehe ya kununua kwenye boksi kwa kalamu ya wino mzito. Mtu akiona “Agosti” ilhali tumefika Aprili, ataanza kuuliza maswali.

Wenye kipaji hupanda daraja hadi kwenye saruji. Ilundike Februari, chini kabisa sakafuni, ukutani, masika yaje na unyevu wake. Mei bonyeza mfuko: ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, hongera. Chupa ya chai humaliza mtaji polepole. Saruji iliyoganda imeondoka nao.

Nikiri kwa haki kwamba jirani naye ana ukomo. Akiona sukari inatoka akaleta mifuko kumi na miwili, Mbingu haitakunywa chai mara mbili. Atakuwa ameongeza mzigo, siyo mauzo, na mzunguko utashuka nusu. Tena akibana mno, barabara ikiharibika kwa mvua atabaki na rafu tupu, na wateja watahamia kwako, huenda wakaona maua. Kwa hiyo masika akiba ya wiki moja zaidi siyo uzembe.

Sasa, kama umechoka kufuata mwongozo huu, na chupa 30 bado zinakukodolea macho, kuna dawa, ila inauma. Ziuze 18,000. “Nitakula hasara!” Ndiyo, ya 60,000. Lakini utashika 540,000, ambayo ni mifuko minne ya sukari na chenji, na sukari hiyo ikipata wanunuzi wa kasi ileile inarudisha 40,000 kila wiki mbili. Mwezi mmoja umeshaifuta hasara na 20,000 juu. Ukingoja arudi yule mama aliyesema “nitapitia kesho, mwanangu”, hela hiyo itaendelea kuchanua maua rafuni.

Ila ziuze Julai, watu wakiwa na hela ya mpunga. Februari, mpunga ukiwa bado shambani na madeni yakiwa kwenye daftari, hata kwa 12,000 hazitoki.