Soko la Kwanza kwa Mtu wa Zamu ya Usiku

Wewe mtu wa Meru au Embu uliyeko Dallas, unayehudumia wazee usiku kucha na umeweka kando dola 500, usianze kwa kuuliza soko lipi lina faida. Anza na saa unazokuwa macho. Yule kijana wa kundi la chama anayetuma picha za magari hatakuuliza hilo. Yeye anauza mafunzo, na mwanafunzi mwenye usingizi hulipa ada ileile.

Zamu yako inaisha saa moja asubuhi. Wakati huohuo soko la fedha za kigeni linachemka: London bado iko kazini, New York imeamka, na bei hukimbia hadi saa tano hivi. Saa nono za foreksi ndizo saa zako za kusinzia kwenye usukani.

Halafu kuna mtaji. Sheria za Marekani zinamruhusu dalali kukukopesha hadi ushike mara 50 ya fedha zako kwenye sarafu kubwa. Kwa dola 500 utashika dola 25,000. Uro ikisogea asilimia 2 tu dhidi yako, jambo linaloweza kutokea ndani ya siku chache, hasara ni dola 500. Kwa kawaida dalali hukufungia biashara hata kabla ya hapo, nawe umelala. Mwenzako aliyeshika uro 1,000 tu angepoteza dola ishirini na ushei, akaendelea na maisha.

Kripto haifungi mlango hata Krismasi, na hiyo ndiyo hatari yake kwako: bei huporomoka hata ukiwa umelala. Bitkoini ilifika karibu dola 69,000 Novemba 2021. Mwaka mmodi baadaye ilikuwa chini ya 16,000. Dola 500 zingebaki kama 115.

Kwa hiyo anza na hisa, tena si za kampuni moja. Nunua mfuko unaofuata kampuni 500 kubwa za Marekani. Madalali wengi huuza hata kipande cha dola chache. Soko hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za Dallas na kufungwa saa tisa alasiri, lakini huhitaji kulikesha. Panga dola 50 zikatwe kila siku ya mshahara, uende ukalale. Mwaka 2022 kampuni hizo zilishuka karibu moja ya tano, basi karo ya Januari ya mtoto aliye Embu isiingie humo kabisa.

Ukihamishiwa zamu ya mchana, saa zako zitabadilika, nawe pima upya. Kwa sasa jiangalie kazini: ukijikuta unachungulia bei kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, kiasi ulichoweka kimekuzidi. Soko likifunguliwa, uza nusu.