Mwacheni Bibi Aishi

Hapa Dar es Salaam hakuna anayefariki mara nyingi kama bibi wa mtu aliyepewa ofa ya kazi huku akisubiri usaili kwingine. Barua ya ofa inaingia Alhamisi alasiri, mwajiri anataka jibu kesho yake saa kumi jioni, na usaili wa pili, kwenye kampuni inayosemekana kulipa vizuri zaidi, uko Jumanne. Hapo ukoo mzima unaandamwa na mikosi. Bibi anafia kijijini kusikoshika mtandao, mjomba analazwa, simu inatumbukia kwenye ndoo, na wazee wa kushauriana nao, ambao siku zote hawakuulizwa lolote, ghafla hawapatikani. Mwenye bahati mbaya zaidi hupigiwa simu ya pole na ofisi ileile, wakitaka kujua mazishi ni wapi ili watume mwakilishi na rambirambi. Uongo huu una kasoro moja kubwa kuliko dhambi yake: hausaidii. Mwajiri hajakuomba sababu. Anachohitaji ni tarehe.

Tazama meza ya afisa rasilimali watu. Mbele yake kuna majina mawili: lako, na la aliyeshika nafasi ya pili. Huyo wa pili bado hajaambiwa kuwa amekosa, kwa sababu wewe ukikataa atapigiwa simu yeye, tena kwa sauti ya furaha, kana kwamba ndiye aliyekuwa chaguo tangu mwanzo. Lakini naye ana usaili wake kwingine, na kila siku inayopita anaweza kuchukuliwa. Hofu ya ofisi, basi, ni kukukosa wewe, kisha kumkosa na yeye, na kulazimika kutangaza nafasi upya na kusoma tena rundo la maombi. Ndiyo maana neno “nitawajulisha” linawatisha kuliko “hapana.” Ukisema “nitajibu Ijumaa ijayo kabla ya saa sita mchana,” wanaweza kuhesabu siku na kuamua kama wanazimudu. Msiba hauhesabiki hivyo. Yakiisha matanga, kuna arobaini.

Tuchukue ile ofa ya Alhamisi. Habari ikija kwa simu, shukuru na uombe barua, maana maneno ya simuni hayana mshahara wala tarehe ya kuanza. Barua ikifika, jibu siku ileile kwa maandishi: “Nashukuru kwa ofa hii, na kazi yenyewe naipenda. Kuna usaili mwingine nilioahidi kuukamilisha wiki ijayo, na ningependa kuwapa jibu la uhakika. Naomba mniruhusu nijibu ifikapo Ijumaa ijayo, saa sita mchana.” Basi. Kisha iandikie kampuni ya pili, na hapa ndipo wengi huzubaa: waambie umepata ofa, unatakiwa kujibu Ijumaa, bado unaitaka nafasi yao, na uulize kama wanaweza kukupa majibu kufikia Alhamisi. Wakikutaka kweli, watapata namna ya kuharakisha. Wakijibu kwamba mchakato unaendelea na watakaofaulu watajulishwa, nalo ni jibu, usilitafutie tafsiri ya matumaini. Mwajiri wa kwanza naye anaweza kugoma na kusema mwisho ni Jumatano. Ichukue Jumatano hiyo kwa shukrani, na ukimaliza usaili wa Jumanne waulize wasaili wako waziwazi uamuzi unatoka lini. Kuomba nyongeza juu ya nyongeza kunakurudisha kwenye kundi la wenye mabibi wagonjwa.

Kuna watakaosema kuomba muda ni kuitupa kazi, kwamba nje ya geti wamejipanga mia na mwajiri atafuta ofa kwa hasira. Hofu hii ina msingi. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, aliyetoa ofa anaweza kuiondoa wakati wowote kabla hujaikubali, na hata muda aliokuongezea bure ni hisani tu, haumfungi. Lakini kuomba muda peke yake hakuiui ofa. Mahakama ya Uingereza iliweka jambo hili wazi mwaka 1880, katika kesi ya wafanyabiashara wa chuma: mnunuzi aliuliza kwa telegramu kama angeweza kupewa muda wa kupokea mzigo, muuzaji akaliona hilo kuwa ni kukataa na akamuuzia mtu mwingine, na mahakama ikasema kuuliza si kukataa. Kinachoiua ofa ni kuijibu kwa masharti. Ukiandika “nakubali mkiniongeza laki mbili,” hapo hujakubali, umetoa ofa yako mwenyewe, na ile ya kwanza hawalazimiki kuirudia. Kwa hiyo usichanganye ombi la muda na ombi la mshahara katika barua moja, hasa barua inayoandikwa saa tano usiku baada ya kushauriwa na shemeji.

Wengine, na hawa ndio wajanja wa mjini, husema: saini, anza kazi, ile nyingine ikija uondoke. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikufungi mnyororo. Ndani ya mwezi wa kwanza notisi ni angalau siku 7. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni angalau siku 28. Tatizo ni kwamba ukishasaini, yule wa pili anaambiwa amekosa na kwenda zake, na wewe ukiondoka katika wiki ya tatu unaacha kiti kitupu, kitambulisho chenye picha yako na watu waliokwisha kukufundisha palipo choo. Maafisa rasilimali watu wa mji mmoja wanajuana, wanahama kampuni kama sisi, na wana magrupu yao. Wiki moja ya kuomba kwa adabu ni rahisi kuliko jina baya.

Lipo pia pingamizi la heshima: kumtajia mwajiri usaili mwingine ni dharau, kama kumwambia mchumba kuna mwenzake. Lakini mwajiri mwenyewe amewasaili wengi kabla yako na hakuona aibu. Taja kwamba usaili upo bila kutaja kampuni, na usijipe ofa usiyokuwa nayo, maana ataomba kuiona barua yake. Ombi hili lina mipaka yake pia. Kibarua kinachoanza kesho asubuhi hakisubiri Ijumaa. Na barua ya kupangiwa kituo serikalini hutaja muda wa kuripoti. Usiporipoti, nafasi anapewa mwingine, na hapo hakuna wa kubembeleza.

Ijumaa ikifika, jibu kabla ya saa sita, hata kama kampuni ya pili bado iko kimya. Wakati huo ipime ofa iliyo mkononi kana kwamba ile nyingine haikuwahi kuwepo: inakutosha au haikutoshi? Kama haikutoshi, kataa kwa sentensi mbili za shukrani, saa ileile. Aliyeshika nafasi ya pili ana simu yake mkononi tangu wiki iliyopita, na hana habari kwamba anakusubiri wewe.